Simu haionyeshi jasho

Ujumbe wa kwanza wa kumchombeza niliomwandikia Mwalimu ulikuwa mzuri, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Mimi ni mtu wa Lamu, nimelelewa na bibi ambaye hata akikutuma chumvi dukani alikutuma kwa mafumbo. Niliutunga jioni nzima kwenye madokezo ya simu, nikatoa neno nikaweka jingine, nikausoma kwa sauti ya chini, ndipo nikaunakili na kuutuma. Ulisema kwamba tangu nimwone mawimbi yamekosa utulivu, na kwamba kila mwezi unapochomoza upande wa Manda, mimi nauona uso wake.

Tiki mbili zikawa buluu. "Anaandika…" ikatokea, ikapotea, ikatokea tena. Kisha likaja jibu: "Mashallah, umetunga vizuri. Hii umeshamtumia nani mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Nilikuwa nimeutunga kwa ajili yake yeye peke yake, na mikono ikinitoka jasho. Lakini yeye jasho hilo angelionea wapi? Alichoona ni maneno yaliyopigwa msasa, yamefika usiku saa ile ambayo wanaume wote hutuma maneno yaliyopigwa msasa. Tungekuwa ana kwa ana angeniona nikimeza mate, nikishika kofia, nikianza sentensi nikaiacha njiani. Hayo yote ndiyo yanayomwambia mwanamke kwamba maneno yako hayakuokotwa. Ujumbe wa simu unayachuja na kuyatupa. Unabaki utamu mtupu, na utamu mtupu ndio unaofanana na wa kila mtu.

Nirudi nyuma kidogo, maana bila hili mengine hayatashikana. Mwalimu, nitamwita hivyo kwa sababu ndivyo ninavyomwita, tulijuana katika kamati ya harusi ya binamu yangu kule Malindi. Mimi ni fundi wa umeme na friji, kwa hiyo nilipewa taa, spika na feni za upande wa wanawake. Usiku wa harusi stima ikapotea. Nikawasha jenereta, ikakohoa, ikazima. Nikafungua kabureta kuisafisha, na yeye akatumwa kunimulikia kwa tochi ya simu. Aliniuliza, "Fundi, wewe mkono haukutetemeki na watu wote hawa wanapiga kelele?" Nikamwambia mkono ukitetemeka hapa, harusi itaisha kwa mishumaa. Akacheka. Namba yake nilikuwa nayo tayari kwenye grupu ya kamati, lakini nilimwomba ruhusa ya kumwandikia pembeni, na alinipa. Hilo nawasisitizia vijana: namba ya kwenye grupu si mwaliko.

Baada ya lile jibu la "nani mwingine" nilikaa kimya siku kadhaa. Rafiki yangu mmoja, nahodha wa boti, ambaye katika mtaa wetu ndiye anayesifika kwa kurusha mistari, alinishauri niongeze makali: nimtumie sauti, nimtumie picha ya machweo ya Shela, nijifanye sina haja naye. Ushauri wote ulikuwa wa kuongeza rangi. Mimi nikawaza kinyume chake. Kama kinachokosekana ni jasho, basi jasho litajwe.

Jambo lenyewe nililotaka lilikuwa dogo: nilikuwa na safari ya Malindi kununua vipuri vya friji, na nilitaka tuonane. Niliandika nikiwa nimekaa gatini, punda wanapakiwa saruji mbele yangu, nikafuta, nikaandika tena. Rasimu ya awali ilikuwa hivi:

"Samahani sana Mwalimu kama nakusumbua, najua uko bize na pengine mimi si mtu wa kiwango chako, lakini nilikuwa nafikiria, kama haitakuwa vibaya, tafadhali usinicheke, nina wasiwasi hata kuandika, labda siku moja tungeonana?"

Hiyo nayo ina wasiwasi, tena mwingi. Lakini isome kama vile wewe ndiye unayeipokea. Kila kipande kinakupa kazi. "Samahani kama nakusumbua" kinataka ujibu kwamba husumbuliwi. "Si mtu wa kiwango chako" kinataka ukanushe. "Usinicheke" kinakunyima kicheko, na kicheko ndicho kilichokuwa mlango wenyewe. Na ombi limefichwa mwishoni, tena bila siku wala saa, ili likikataliwa nijifanye sikuomba. Ni woga ulioandikwa kama woga, na hakuna anayechombezeka kwa kuombwa amhurumie mtu.

Niliyotuma hatimaye ni hii:

"Mwalimu, Jumamosi niko Malindi. Utakubali tunywe chai? Swali lenyewe jepesi, lakini nimekaa hapa gatini tumbo joto na simu imelowa jasho utadhani nimeivua baharini. Ukikataa nitasingizia mtandao, na wewe utanisaidia kusingizia."

Alijibu kabla sijafika nyumbani: "Kumbe mtandao wa Lamu una haya hivi? Jumamosi saa ngapi, Fundi?"

Watu wameniomba mara nyingi niwaeleze kilichofanya kazi pale, nami huwaambia waangalie mpangilio. Ombi lilitangulia, zima, lenye siku. Wasiwasi ulikuja baadaye kama habari ya kunihusu mimi, si sharti juu yake. Ukitanguliza wasiwasi, msomaji hajui unahusu nini, naye anaanza kuogopa: huyu anataka kukopa? Kuna msiba? Ombi likitangulia, wasiwasi unageuka kuwa sifa kwake. Amejua kinachonitoa jasho ni chai pamoja naye.

Kisha wasiwasi ule ulikuwa na mwili na mahali. "Nina wasiwasi" ni neno la jumla, hata mtu anayesubiri mtihani wa leseni analo. Simu iliyolowa, gati, tumbo joto, hayo yalikuwa yanatokea dakika ile ile, na mtu huyasikia kuwa ni ya kweli kwa sababu hakuna anayejisumbua kubuni jambo lisilompendezesha. Niliweka sentensi moja tu ya hayo. Ya pili ingeanza kuwa malalamiko. Nikaona pia kwamba sikuirekebisha kupita kiasi: kulikuwa na neno moja linalojirudia, nikaliacha. WhatsApp inakuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 baada ya kuutuma, lakini inaweka alama kwamba umehaririwa. Ujumbe wa kukiri wasiwasi uliohaririwa unachekesha kwa njia mbaya.

Na mwisho, mlango wa kutokea. Nilimpa njia ya kukataa ambayo haikuhitaji anieleze chochote, tena njia ya utani inayotuweka upande mmoja. Hapa nataka niwe mkweli: mlango huo lazima uwe wa kweli. Kama angejibu "mtandao mbaya leo", nilikuwa nimeshaamua kumjibu "kweli, hata mimi naona laini zinakatika, msalimie mama", na kuishia hapo. Ukiandika mlango halafu mtu akiutumia ukamfuata nje kuuliza kwa nini, basi ule utani ulikuwa mtego.

Safari ilinigharimu. Lamu hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 200, na kabla ya hapo kuna boti ya alfajiri kwenda Mokowe, kisha basi, Witu, vizuizi vya polisi, vumbi, joto. Vipuri vyenyewe ningeweza kuagiza vikaja na basi, na kazi ya friji za nyumba moja ya wageni Shela ilienda kwa fundi mwingine kwa sababu ya Jumamosi ile. Nasema hivyo ili usidhani sentensi nne ndizo zilizofanya kila kitu. Aliyesema tumbo joto inabidi afike, tena kwa wakati, amevaa kikoi kilichopigwa pasi.

Alikuja na mdogo wake wa kike, mwanafunzi wa saikolojia chuoni. Nilitarajia kuwa atakuja na mtu, ndio adabu, na chai ilikuwa mchana kweupe, hoteli iliyojaa watu, mahamri na mbaazi mezani. Yule mdogo alikuwa ameshausoma ujumbe wangu. Jua hilo pia: ujumbe wa kumchombeza msichana wa pwani unasomwa na dada, shangazi na rafiki mmoja wa karibu kabla ya kujibiwa. Usiandike kitu ambacho shangazi akikisoma utashindwa kumwamkia.

Mdogo mtu ndiye aliyenieleza kitu ambacho sikuwa nimekielewa. Alisema kuna jaribio la mwaka 1966 la Mmarekani aitwaye Elliot Aronson na wenzake. Waliwasikilizisha wanafunzi kanda za mtu anayejibu maswali ya chemshabongo. Katika kanda nyingine mtu huyo alipata asilimia 92, katika nyingine asilimia 30. Kisha katika baadhi ya kanda anasikika akijimwagia kahawa kwenye suti yake mpya. Yule hodari alipojimwagia kahawa, watu walimpenda zaidi. Yule wa asilimia 30 alipojimwagia, walimpenda chini ya walivyompenda mwanzo.

"Sasa wewe," akaniambia, huku akichovya hamri kwenye mbaazi, "dada alishakuona kwenye jenereta. Angekuwa mtu asiyekujua, simu kulowa jasho kungekuwa kahawa tu."

Niliduwaa. Nilikuwa nikidhani siri iko kwenye sentensi yangu, kumbe nusu yake ilikuwa kwenye kabureta. Mwalimu aliniona nikiwa sitetemeki mahali ambapo wengine wangetetemeka, kwa hiyo nilipokiri kutetemeka mbele yake yeye, alijua si tabia yangu ya kila siku. Tangu hapo, kijana akiniuliza amwandikie nini msichana ambaye hajawahi hata kuzungumza naye, ninamwambia asianze na wasiwasi. Kwanza msichana akuone katika jambo unaloliweza: unapofundisha madrasa, unapoendesha boti kwenye upepo wa kusi, unapogawa pilau bila kupungukiwa. Kama mmekutana mtandaoni tu, acha mazungumzo ya kawaida yatembee siku kadhaa, utani wako na akili yako vionekane. Wasiwasi wa siku ya kwanza kwa mtu asiyekujua hauna kitu cha kuegemea.

Baada ya chai ile nililewa. Nilidhani nimepata ufunguo, nikautia kila mlango. Nikimtakia usiku mwema, naongeza kwamba naandika moyo ukinienda mbio. Nikimuuliza kama amefika kazini, naongeza kwamba niliogopa kuuliza. Ilikuwa kweli kwa kiasi fulani, mimi ni mtu wa kufikiri sana usiku. Lakini majibu yake yakaanza kubadilika na sikugundua mapema. Mwanzo alikuwa akinirudishia utani. Kisha yakawa "usijali", "hapana, ni sawa", "kwa nini unaogopa tena?" Siku moja akaandika: "Fundi, darasani nina watoto 40 wa kuwatuliza. Nikifika nyumbani nikutulize na wewe?"

Ilinichoma, lakini alisema kweli. Kukiri wasiwasi kuna maana pale tu unapopiga hatua ambayo kweli inaweza kukuumiza: unapoomba mwonane mara ya kwanza, unapomwambia kwamba umemkosa, unapotaka kujua kama ana mtu. Kumtakia usiku mwema si hatua ya namna hiyo. Ukitaka kujipima, fungua mazungumzo yenu, bonyeza kutafuta, andika "usijali". Yakitokea mengi yaliyotoka kwake, umemgeuza muuguzi. Mimi nilifanya hivyo na nikaona aibu, kisha nikanyamaza kuhusu moyo wangu kwa muda, nikawa namweleza habari za punda aliyeingia dukani na za mteja aliyeweka samaki kwenye friji lisilowaka. Utani ukarudi.

Yule nahodha naye ana fungu lake katika habari hii. Nilimwonyesha ule ujumbe wa gatini siku nilipofurahi, na sikupaswa. Aliuchukua kama ulivyo, akabadilisha "Malindi" ikawa "Langoni", akautuma. Tena akautuma kwa wasichana wawili, mmoja Langoni na mwingine Shela, bila kujua kwamba wote wamo kwenye chama kimoja cha kuweka akiba. Mji wenyewe ni huu, picha ya skrini inafika kabla ya boti. Siku ya mkutano wa chama simu zikawekwa meza moja. Yule wa Shela alimwandikia: "Nahodha, hiyo simu iliyolowa ulishaianika, au bado unaivua?"

Alipata hasara kwa kurudia, ndiyo, lakini hata asingekamatwa na wale wawili, ule ujumbe kwake ulikuwa umekufa. Yeye si mtu wa kuloa jasho mbele ya mwanamke. Angefika kwenye chai amekaa kama sultani, na msichana angetafuta yule mtu wa gatini asimpate. Wasiwasi wa kuigiza una ubaya kuliko maneno matamu ya kuigiza, kwa sababu maneno matamu kila mtu anajua kwamba ni mchezo, bali ukisema unaogopa, mtu analegeza ulinzi wake. Akigundua haukuwa kweli, anahisi ameibiwa. Nilimwambia kama kweli anataka kukiri kitu, akiri kilicho chake. Alifikiri, akasema yeye kinachomtia hofu ni kuandika, kwa sababu hati zake za Kiswahili huwa na makosa na wasichana humcheka. Nikamwambia hiyo ndiyo, iandike hivyo hivyo, pamoja na makosa. Sijui kama aliwahi kuituma.

Kuna upande mmoja ambao hakuna aliyenitayarisha kwao, nao ni kupokea. Nilikuwa nimejishughulisha sana na jasho langu hata nikasahau kwamba mwenzangu naye ana mikono. Kabla wazee wa kwetu hawajapeleka habari rasmi, Mwalimu aliniandikia usiku mmoja: "Leo mama ameniuliza huyu Fundi ni nani. Nimejibu haraka hata kabla hajamaliza swali, halafu nikaangusha sufuria. Sasa nimejifungia chumbani, natamani ardhi inimeze."

Kidole kilikuwa tayari kwenye "usijali". Ndilo neno linalokuja lenyewe, na ndilo linalofunga mazungumzo, maana ukimwambia mtu asijali, umemwambia pia kwamba alichokisema kimekwisha. Vile vile sikutaka kumrudishia yangu, "hata mimi niliwahi…", kwa sababu angeanza kunitunza mimi tena. Nikakumbuka yeye alivyofanya na ujumbe wangu wa gatini: aliuchukua ule mtandao wangu wa uongo akacheza nao, kisha akajibu nililouliza. Hakunituliza hata kwa neno moja.

Nikaandika: "Sufuria imepona? Na ulijibu nini hicho cha haraka hivyo?"

"Anaandika…" ilikaa muda mrefu. Ikapotea. Ikarudi.

"Imebonyea. Nilisema ni wangu. Sasa usinijibu mpaka asubuhi, nimeona haya."

Nikazima simu kama alivyosema. Asubuhi nilimuuliza kama sufuria inatengenezeka, kwa vile mimi ni fundi, na kama mama yake anapendelea nije na vipuri au na wazee.